Swichi Inaposahau Mapema Kuliko Ruta

Chukua hospitali yenye majengo mawili, la mashariki na la magharibi. Saa 4:00 usiku, seva inayotunza picha za eksirei katika jengo la mashariki huanza kupeleka nakala rudufu kwenye seva ya hifadhi iliyoko jengo la magharibi. Kwa dakika tano mambo yanakwenda vizuri. Ikifika saa 4:05, kamera za ulinzi za jengo la mashariki zinaanza kuganda. Picha inakwama, inaruka, inakwama tena. Kamera za magharibi, mahali data inakokwenda, hazina tatizo lolote.

Fundi akiitwa, jambo la kwanza atakalotilia shaka ni kebo, la pili ni kamera zenyewe. Akipima kebo, nzima. Akibadilisha kamera, mpya nayo inaganda. Hakuna kifaa kilichoharibika katika mtandao huu, na kila mashine inafuata kanuni zake sawasawa. Shida imezaliwa na saa mbili zisizokubaliana: moja ya sekunde 300, nyingine ya sekunde 14,400.

Ili kuona zinavyogongana, inabidi kwanza kujua swichi hujuaje kifaa kipi kiko wapi.

Swichi ni lile boksi lenye matundu mengi ambako kebo za kompyuta, printa na kamera huchomekwa. Data hupita humo ikiwa katika vipande viitwavyo fremu, na kila fremu imebeba anwani mbili za MAC, ya mtumaji na ya mpokeaji. Anwani ya MAC ni namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao ya kifaa. Hakuna mtu anayekaa kuiandikia swichi orodha ya anwani hizo. Yenyewe hujifunza kwa kutazama anwani ya mtumaji: fremu ikiingia kwa tundu la 7 ikiwa imetoka kwa kifaa fulani, swichi huandika kwenye jedwali lake kwamba kifaa hicho kiko tundu la 7. Fremu ya kwenda kwa kifaa hicho ikija baadaye, hupelekwa tundu la 7 peke yake.

Maandishi hayo hayadumu. Kifaa kikikaa kimya kwa muda uliowekwa, swichi hukifuta, kwa sababu huenda kimezimwa au kimehamishwa. Kiwango cha IEEE 802.1D, kinachoeleza kazi ya swichi, kinapendekeza sekunde 300, yaani dakika tano, na swichi nyingi hutoka kiwandani zikiwa na muda huo. Kila fremu inayotoka kwa kifaa huanzisha dakika tano upya. Fremu zinazokwenda kwa kifaa hazihesabiwi. Swichi inaweza kukipelekea kifaa fremu milioni moja kwa dakika na bado ikakisahau, ikiwa kifaa hicho hakijatuma chochote kilichopita mbele yake.

Je, swichi ikipata fremu ya mpokeaji isiyemjua, itafanya nini? Kuitupa haiwezi, kwa sababu mpokeaji anaweza kuwa yupo. Kwa hiyo huinakili na kuimwaga katika matundu yote ya mtandao huo, isipokuwa lile ilikotoka. Wanaohusika watapokea, wasiohusika watapuuza. Wataalamu huuita mwago huu mafuriko. Kwa kawaida huisha kabla hata mtu hajautambua: mpokeaji hujibu, jibu lake hupita kwenye swichi, na swichi inamjua tena. Tegemeo lote la utaratibu huu ni kwamba jibu litarudi kwa njia ileile.

Sasa turudi kwenye majengo yetu. Mtandao wa hospitali umegawanywa sehemu mbili, kila sehemu ikiwa VLAN yake, na vifaa vya VLAN moja haviwezi kuzungumza na vya nyingine bila kupitia ruta. Seva ya picha iko VLAN 10, jengo la mashariki. Seva ya hifadhi iko VLAN 20, jengo la magharibi. Kamera za majengo yote mawili, pamoja na mashine inayorekodi picha zake, ziko VLAN 20. Kila jengo lina swichi moja kubwa inayofanya pia kazi ya ruta, na kebo moja nene imeziunganisha swichi hizo ikibeba VLAN zote mbili.

Mhandisi aliyejenga mtandao alitaka mambo mawili: ruta moja ikifa nyingine ishike kazi, na zote mbili zikiwa hai zigawane mzigo. Akatumia HSRP, utaratibu wa kampuni ya Cisco uliochapishwa mwaka 1998 katika hati RFC 2281, ambao huziwezesha ruta mbili kumiliki anwani moja ya lango kwa pamoja huku moja tu ikifanya kazi na nyingine ikisubiri. VRRP, uliochapishwa mwaka huohuo, hufanya karibu jambo lilelile kwa vifaa vya kampuni yoyote. Mhandisi akaamua ruta ya mashariki iwe lango la VLAN 10, na ya magharibi iwe lango la VLAN 20. Ni mpango wa kawaida kabisa, na vitabu vingi vya mafunzo vimeufundisha.

Fuata fremu moja ya nakala rudufu. Inatoka seva ya picha na kwenda kwa lango lake, ruta ya mashariki. Ruta hiyo ina mguu katika VLAN 10 na mwingine katika VLAN 20, kwa hiyo haina haja ya kumshirikisha mwenzake. Inaivusha data yenyewe hadi VLAN 20, inaandika anwani ya MAC ya seva ya hifadhi mahali pa mpokeaji, na kuikabidhi kwa upande wa swichi ulio ndani ya boksi hilohilo. Swichi inatakiwa kuipitisha kwenye kebo nene kwenda magharibi.

Jibu nalo lina safari yake. Seva ya hifadhi inajibu kupitia lango la VLAN 20, ambalo ni ruta ya magharibi, pale pale jengoni. Ruta hiyo inalivusha jibu hadi VLAN 10 na kulipeleka mashariki kwa kebo nene. Lakini kila ruta inapovusha data huandika anwani yake yenyewe ya MAC mahali pa mtumaji. Jibu linapofika mashariki, limekuja kwa jina la ruta ya magharibi. Anwani ya seva ya hifadhi imebaki kulekule magharibi.

Ni kama mlinzi wa geti anayewajua wapangaji kwa kuwaona wakitoka tu. Mpangaji anayetokea geti la nyuma kila siku, mlinzi wa geti la mbele hatamjua kamwe, hata mizigo yake ikipita mbele yake kutwa.

Njia ya kwenda ikitofautiana na ya kurudi, wataalamu husema njia hazilingani. Jambo hilo peke yake si kosa. Itifaki ya IP haijali jibu limepita wapi, na kwenye intaneti njia zisizolingana ni jambo la kila siku. Athari huonekana tu pale chini kuna swichi inayotegemea kumwona mtumaji.

Hapa ndipo saa ya pili inapoingia. Ruta nayo ina jedwali lake, linalolinganisha anwani ya IP na anwani ya MAC. Hulijaza kwa ARP, itifaki iliyoandikwa na David Plummer katika RFC 826 ya Novemba 1982: ruta hutangaza kwa VLAN nzima ikiuliza nani mwenye anwani fulani ya IP, na mwenyewe hujibu kwa kutaja MAC yake. Plummer aligusia umuhimu wa kufuta maandishi ya zamani lakini hakuweka muda maalumu, hivyo kila kampuni ikajichagulia wake. Ruta za Cisco zinazotumia mfumo wa IOS hukumbuka kwa saa nne, yaani sekunde 14,400.

Tuseme ruta ya mashariki haijawahi kuwasiliana na seva ya hifadhi kabla ya usiku huo. Saa 4:00 inauliza kwa ARP, na seva inajibu. Jibu hilo linaelekezwa kwa ruta ya mashariki yenyewe, kwa hiyo linapita kwenye kebo nene likiwa na anwani halisi ya seva mahali pa mtumaji. Kwa jibu hilo moja, ruta na swichi ya mashariki zinajifunza kwa pamoja: ruta imejua MAC ya seva, swichi imejua seva iko upande wa kebo nene. Nakala rudufu inaanza kutiririka, tuseme kwa megabiti 300 kwa sekunde, ikipita panapostahili.

Baada ya jibu hilo, swichi ya mashariki haisikii tena sauti ya seva ya hifadhi. Saa 4:05 inaifuta. Ruta haifuti kitu, kwa kuwa kumbukumbu yake ina saa tatu na dakika 55 zilizosalia, na haina sababu ya kuuliza tena. Inaendelea kukabidhi fremu zenye anwani sahihi ya MAC, na swichi iliyo boksi moja nayo haijui pa kuzipeleka. Megabiti 300 kwa sekunde zinamwagwa katika kila tundu la VLAN 20 jengo la mashariki.

Magharibi hali ni shwari kwa sababu swichi ya huko huisikia seva ya hifadhi wakati wote, na fremu zikifika huiendea moja kwa moja. Nakala rudufu yenyewe inafika salama, ndiyo maana mwenye kazi hiyo halalamiki. Kwa kweli magharibi nako kuna mafuriko, ila katika VLAN 10: swichi ya huko haiisikii seva ya picha, kwa hiyo majibu madogomadogo ya kuthibitisha mapokezi humwagwa. Hayo ni megabiti chache tu kwa sekunde, na hakuna anayeyahisi.

Kwa nini basi kamera zigande? Matundu yake ni ya megabiti 100 kwa sekunde, na mwago ni wa 300. Kebo ya kamera ina njia mbili, ya kwenda na ya kurudi, na picha zinazotoka hazizuiliwi na mafuriko yanayoingia. Kinachokwama ni kitu kidogo zaidi. Kamera inayotuma picha kwa TCP husubiri uthibitisho kutoka mashine ya kurekodi kwamba picha zimefika. Uthibitisho huo unasimama foleni moja na fremu za seva ya hifadhi, foleni inajaa, na swichi inatupa sehemu ya vilivyomo. Kamera isiyopata uthibitisho hupunguza kasi na kutuma upya, na mlinzi anaona picha iliyoganda.

Kuna athari nyingine isiyoonekana kwenye skrini yoyote. Kadi ya mtandao hutupa fremu isiyoihusu, lakini ni kwa hiari yake. Mtu aliyechomeka kompyuta katika VLAN 20 jengo la mashariki na kuiamuru kadi yake ipokee kila kitu, atakuwa anasoma picha za eksirei za wagonjwa, kama hazikufichwa kwa usimbaji, bila kuvunja kufuli lolote.

Dalili za mafuriko haya zinatambulika ukijua pa kutazama. Ya kwanza ni vipimo vya matundu: matundu yote ya VLAN moja yanaonyesha kasi ya kutoa data iliyo karibu sawa, hata lile la printa ambayo haijachapisha tangu jana. Ya pili ni kuchomeka kompyuta yenye programu ya kunasa data, kama Wireshark, katika tundu lolote la VLAN hiyo. Kama zinaonekana fremu nyingi zinazokwenda kwa MAC moja isiyo ya kompyuta hiyo, ni mafuriko ya aina hii. Zingekuwa matangazo ya watu wote, anwani ya mpokeaji ingekuwa `ffff.ffff.ffff`, na hilo ni tatizo lingine lenye chanzo kingine.

Uthibitisho wa mwisho hupatikana kwa kuuliza majedwali mawili ya swichi ya mashariki. Tuseme seva ya hifadhi ina IP 10.0.20.15:

```
show ip arp 10.0.20.15
show mac address-table address 0200.0000.0015 vlan 20
```

Amri ya kwanza inarudisha mstari wenye IP, MAC na umri wa maandishi kwa dakika, tuseme 47. Ya pili hairudishi kitu. Ruta inaijua seva kwa dakika 47 sasa, na swichi haiijui. Ikiwa VLAN ni hiyohiyo na data inapita muda huo, chanzo kimepatikana.

Kuna mtego hapa. Fundi aliyeingia kwenye ruta ya mashariki, kabla ya kutazama majedwali, mara nyingi huanza kwa kuijaribu seva ya hifadhi kwa amri ya `ping`. Seva inamjibu, na jibu hilo, kama lile la ARP, linaelekezwa kwa ruta ya mashariki yenyewe. Swichi inasikia, inaandika, mafuriko yanakatika na kamera zinafunguka. Fundi anaamini tatizo limejiondokea, anakunja vifaa vyake. Dakika tano baadaye maji yamerudi. Hali hiyohiyo hutokea seva ikitangaza jambo kwa VLAN nzima: tangazo hufika mashariki na kuleta nafuu ya muda. Mashine zenye kelele nyingi za matangazo hazipati shida hii sana. Seva ya Linux, ambayo hupendelea kulihakiki lango lake kwa kuliuliza moja kwa moja badala ya kutangaza, inaweza kukaa kimya kwa muda mrefu.

Tiba iliyozoeleka ni kuzipatanisha saa mbili: kumbukumbu ya ruta iishe kabla ya kumbukumbu ya swichi. Miongozo ya Cisco ya mitandao ya kampasi imependekeza sekunde 270 kwa ARP, huku swichi ikibaki na 300 zake:

```
interface Vlan10
 arp timeout 270
interface Vlan20
 arp timeout 270
```

Mistari hiyo huandikwa katika ruta zote mbili. Sasa kabla dakika tano hazijatimia, ruta ya mashariki lazima iulize tena, seva lazima ijibu, na jibu lenye anwani yake linapita kwenye swichi kabla haijafuta. Njia bado hazilingani, ila seva ya hifadhi inapita geti la mashariki mara kwa mara kujitambulisha. Gharama yake ni ndogo: VLAN yenye vifaa 500 italeta maswali kama mawili kwa sekunde. Katika mfumo wa NX-OS wa swichi za Nexus, Cisco yenyewe ilifuata mpangilio huo: ARP hukaa sekunde 1,500 na jedwali la MAC sekunde 1,800.

Njia ya pili ni kugeuza upande, yaani kuiongezea swichi kumbukumbu hadi sekunde 14,400. Nayo inafanya kazi siku za kawaida, lakini ina udhaifu. Swichi zinazounganishwa kwa njia zaidi ya moja hutumia itifaki ya kuzuia mizunguko, na kila umbo la mtandao linapobadilika, kwa mfano kebo kati ya swichi ikikatika, itifaki hiyo huzilazimisha swichi kufuta au kufupisha kumbukumbu zao za MAC, hata ziwe zimepangiwa saa nne. Ruta haiguswi na amri hiyo. Kwa hiyo mtandao wenye ARP ya saa nne unaweza kufurika kwa karibu saa nne baada ya tukio la sekunde moja, wakati ule wenye ARP ya sekunde 270 utapona ndani ya dakika tano. Ndiyo sababu pia mafundi huyatambulisha matundu ya kompyuta na kamera kwa amri ya `spanning-tree portfast`, ili kuwasha au kuzima kompyuta moja kusihesabiwe kuwa mabadiliko ya mtandao mzima.

Wengine huondoa mzizi kabisa kwa kuifanya ruta moja iwe lango la VLAN zote mbili, na ya pili ibaki ya akiba. Jibu la seva ya hifadhi sasa linalazimika kwenda mashariki likiwa na anwani yake halisi, na swichi ya huko haiisahau. Hasara yake ni kwamba ruta ya magharibi inakaa bila kazi ya kuvusha data, na mgao wa mzigo aliokusudia mhandisi unapotea. Wengine huzuia VLAN isivuke jengo, ili kila VLAN iishie kwenye swichi moja ya vifaa. Hapo swichi ya juu ikimwaga, swichi ya chini inamjua mpokeaji na kuufikisha mwago kwenye tundu lake pekee.

Dawa isiyofaa ni kuzuia mwago kwa nguvu. Swichi nyingi zina amri ya kulikataza tundu kupokea fremu za mpokeaji asiyejulikana, na katika IOS amri hiyo ni `switchport block unicast`. Ikiwekwa kwenye matundu ya kamera pekee, kamera zinapumua. Lakini ikiwekwa pia kwenye kebo nene, fremu zinakosa njia pekee iliyokuwa ikizifikisha kwa seva ya hifadhi, na saa 4:05 nakala rudufu inakatika. Tena, hata ikiwekwa vizuri, huficha dalili tu, na swichi inaendelea kutomjua mpokeaji wake.

Baada ya kurekebisha, jaribio la dakika mbili au tatu halithibitishi chochote, kwa sababu hata mtandao mgonjwa ungelifaulu: swichi ingekuwa bado inakumbuka. Data iachwe itiririke kwa zaidi ya dakika tano bila mtu kugusa `ping`, kisha amri mbili za majedwali zirudiwe. Safari hii umri wa maandishi ya ARP usizidi dakika nne, na jedwali la MAC lionyeshe seva ya hifadhi ikiwa upande wa kebo nene.